Akaunti mbili za Spotify: usihamishe nyimbo, hamisha barua pepe

*"Kaka, nina akaunti mbili za Spotify. Ya kwanza niliifungua mwaka 2021 kwa barua pepe ya ofisini. Huko ndiko ziliko orodha zangu zote, ikiwemo ya kicheni pati ambayo watu zaidi ya 1,300 wameihifadhi, na nina wafuasi 212. Ya pili ilizaliwa Machi mwaka huu nilipobadilisha simu nikabonyeza kitufe cha Google, na Premium nalipia huko. Mwisho wa mwezi naacha kazi na barua pepe ya ofisi itafungwa. Nitaziunganishaje bila kupoteza orodha, wafuasi na historia ya usikilizaji?" – Msomaji, Tabata*

Dada, Spotify hawana kitufe cha kuunganisha akaunti mbili ziwe moja, na kwa hali yako hukihitaji. Tatizo lako si kuwa na akaunti mbili. Tatizo ni kwamba akaunti yenye mali inafunguliwa kwa anwani ambayo siku chache zijazo haitakuwa yako. Hilo unaweza kulimaliza leo jioni ukiwa nyumbani, ili mradi ulifanye kabla ofisi haijafunga hiyo barua pepe.

Kila akaunti ya Spotify ina kitambulisho chake kisichobadilika. Kukiona, fungua wasifu wako, nakili kiungo chake, kisha tazama mwisho wake: yale maandishi yanayofuata `open.spotify.com/user/` ndiyo kitambulisho. Kwa akaunti za miaka ya karibuni huwa ni mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Wafuasi wako 212 wanafuata hicho kitambulisho. Orodha ya kicheni pati inamilikiwa na hicho kitambulisho, na wale 1,300 wameihifadhi orodha yenyewe, si jina lake wala nyimbo zilizomo. Historia ya kila ulichosikiliza tangu 2021 imeandikwa chini yake. Barua pepe ni njia ya kuingilia tu, na ukiibadilisha hakuna mfuasi hata mmoja atakayejua kuwa kuna kilichotokea.

Sasa fikiria ungefanya kama wengi wanavyofanya, yaani kubaki na akaunti mpya kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu na ndiyo inayolipiwa, halafu uanze kuhamishia nyimbo huko. Nyimbo zingefika. Lakini orodha ya kicheni pati ingekuwa orodha mpya yenye sifuri ya waliohifadhi, wafuasi wangebaki kule kule, na historia isingehama kabisa, kwa sababu hakuna mahali pa kuipakia. Kwa hiyo akaunti ya kubaki nayo ni ile ya 2021. Tunachokihamisha ni barua pepe.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha unajua ipi ni ipi. Tumia kompyuta, si simu. Fungua kivinjari dirisha la kawaida uingie akaunti ya zamani, kisha fungua dirisha la faragha uingie ile mpya. Chukua kiungo cha wasifu wa kila moja ukiandike kwenye karatasi: hiki cha zamani, hiki kipya. Usitegemee jina linaloonekana wala picha, maana zote mbili huenda zina jina lako na picha ile ile. Nimeona watu wakihangaika usiku kucha kubadilisha barua pepe ya akaunti isiyo yenyewe kwa sababu hiyo tu.

Hakikisha pia akaunti ya zamani ina neno la siri unalolikumbuka. Siku hizi ukurasa wa kuingia hupenda kukutumia namba kwenye barua pepe badala ya kukuuliza neno la siri, kwa hiyo mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba ameshalisahau. Kama hulikumbuka, omba jipya sasa hivi wakati sanduku la ofisini bado linapokea barua. Baada ya mwisho wa mwezi kiungo cha kubadilisha neno la siri kitakwenda mahali usipoweza kukifuata.

Sasa kazi yenyewe. Ukijaribu kuweka Gmail yako kwenye akaunti ya zamani, Spotify watakukatalia, kwa kuwa anwani moja haiwezi kushika akaunti mbili na Gmail hiyo tayari imeshikwa na akaunti ya Machi. Hapa ndipo watu hukimbilia kufuta akaunti mpya ili kuikomboa anwani. Usifanye hivyo, angalau si sasa. Gmail ina mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui: ukiongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya `@`, barua bado zinaingia kwenye sanduku lako lile lile. Kama anwani yako ni `jinalako@gmail.com`, basi hii nayo ni yako bila kujisajili popote:

```
jinalako+muziki@gmail.com
```

Kwa Gmail ni sanduku moja. Kwa Spotify ni anwani mbili tofauti. Kwa hiyo, ukiwa ndani ya akaunti ya zamani, nenda `spotify.com/account`, fungua sehemu ya kuhariri taarifa zako (kwa wengine imeandikwa `Edit personal info`, kwa wengine `Edit profile`), futa anwani ya ofisi, andika hiyo yenye `+muziki`, thibitisha kwa neno la siri ukiulizwa, kisha hifadhi. Fungua Gmail ubonyeze kiungo cha uthibitisho kitakachokuja. Chungulia na sanduku la ofisini pia, iwapo kuna taarifa yoyote imetumwa huko.

Halafu jaribu. Fungua dirisha jingine la faragha, ingia kwa `jinalako+muziki@gmail.com` na neno la siri, nenda kwenye wasifu na linganisha kiungo na ulichoandika kwenye karatasi. Kikiwa ni kile cha zamani na wafuasi 212 wapo, kazi kubwa imeisha.

Utauliza kama huwezi kuweka Gmail yako safi, bila huo mkia wa `+muziki`. Unaweza: ingia akaunti mpya, ipe yenyewe anwani yenye mkia mwingine, mfano `+akiba`, kisha rudi akaunti ya zamani uipe Gmail iliyoachwa wazi. Kwa kuwa akaunti mpya ilifunguliwa kwa kitufe cha Google, huenda haina neno la siri, na itabidi kwanza uitengenezee kwa kupitia ukurasa wa kusahau neno la siri. Mimi ningeuacha mkia ulivyo. Kazi yake ni barua kukufikia, na zinakufikia. Kinachotakiwa ni kukumbuka kuuandika kila unapoingia.

Ukiupenda au ukiuondoa, tahadhari na kitufe cha Google. `Continue with Google` hakisomi tu anwani ya barua pepe. Akaunti yako ya Google imeunganishwa na akaunti ya Machi, na ukikibonyeza kwenye simu kesho asubuhi kuna uwezekano mkubwa kikakurudisha kule kule. Utaingia, utakuta orodha chache na wafuasi hakuna, utadhani kila kitu kimefutika. Hakijafutika, umeingia chumba kingine. Toka, chagua kuingia kwa barua pepe, na ukiletewa ukurasa wa kutuma namba tafuta `Log in with a password`. Kwenye ukurasa wa akaunti kuna sehemu iitwayo `Edit login methods` inayoonyesha njia zilizounganishwa na akaunti uliyomo. Itazame katika akaunti zote mbili, utaona mwenyewe Google imeshikamana na ipi.

Jambo la mwisho kwa akaunti ya zamani ni kompyuta ya ofisini. Kama ulikuwa unasikiliza muziki pale mezani, kubadilisha barua pepe peke yake usikutegemee kuiondoa akaunti kwenye mashine hiyo. Atakayekalia kiti chako anaweza kufungua programu na kuanza kupiga anachotaka, na ladha yake ikaingia kwenye historia yako. Ukishahakikisha kwamba neno la siri linafanya kazi, bonyeza `Sign out everywhere`. Itakutoa kila mahali, simu yako ikiwemo, ndiyo maana nasema hakikisha kwanza.

Sasa historia. Umeniuliza namna ya kutoipoteza, na kwa akaunti ya 2021 hutaipoteza kwa kuwa hujaihamisha. Kipande kitakachobaki nje ni cha miezi hii tangu Machi, kilichoandikwa upande wa akaunti mpya. Hicho hakiwezi kuingizwa kwenye akaunti ya zamani, na muhtasari wa mwisho wa mwaka utahesabu ulichosikiliza upande ule unaoutumia tu. Kama mwaka huu ulikuwa na wimbo uliourudia mara mia kwenye simu mpya, akaunti ya zamani haitaujua.

Unachoweza ni kuwa na nakala yako mwenyewe. Kwenye ukurasa wa akaunti, sehemu ya faragha, unaweza kuomba data zako. Kuna maombi ya aina mbili na watu huchanganya. `Account data` huchukua hadi siku 5 na hukupa usikilizaji wa mwaka mmoja uliopita pamoja na orodha zako. `Extended streaming history` huchukua hadi siku 30 na hukupa kila kitu tangu akaunti ifunguliwe. Kwa akaunti ya zamani omba hiyo ya pili. Kwa akaunti mpya, ile ya kwanza inatosha, maana haina hata mwaka.

Utaratibu hapa ni muhimu. Baada ya kuomba, Spotify hutuma barua ya kukutaka uthibitishe ombi, na data zikiwa tayari hutuma barua nyingine yenye kiungo cha kupakulia. Ukiomba leo kwa anwani ya ofisi, kiungo kinaweza kufika baada ya sanduku kufungwa. Kwa hiyo badilisha barua pepe kwanza, ndipo uombe. Na usisahau kubonyeza ile barua ya kwanza, kwa sababu bila uthibitisho hawaanzi kuandaa kitu, na wewe utakaa mwezi mzima ukisubiri bure.

Faili zitakuja katika muundo wa JSON, na ukizifungua kwa programu yoyote ya maandishi utaona mistari inayofanana na hii:

```json
{
  "ts": "2022-08-13T17:42:10Z",
  "ms_played": 241000,
  "master_metadata_track_name": "...",
  "spotify_track_uri": "spotify:track:..."
}
```

Muda wa `ts` si wa Dar es Salaam. Upo nyuma yetu kwa saa tatu. Huo mfano unasomeka Jumamosi tarehe 13 Agosti 2022, saa mbili na dakika 42 usiku kwa saa zetu, wakati wimbo ulipoishia. `ms_played` ni milisekunde, kwa hiyo 241000 ni dakika 4 na sekunde moja. Hizi faili ni kumbukumbu yako, ya kutunza au ya kufanyia hesabu. Hazirudishwi ndani ya Spotify.

Baada ya hapo ndipo uhamishe vitu vichache ulivyotengeneza kwenye akaunti mpya tangu Machi. Hapa kuna kosa moja ambalo halionekani siku ile ile. Mtu anachukua kiungo cha orodha kutoka akaunti mpya, anakifungua akiwa akaunti ya zamani, anabonyeza alama ya kuongeza kwenye maktaba, anaona orodha imetokea kwake, anaridhika. Alichofanya ni kuwa mmoja wa waliohifadhi orodha ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni yeye mwenyewe wa Machi. Siku akiifunga akaunti mpya, orodha inapotea.

Kunakili kwenyewe kunafanyika hivi. Kwanza, ukiwa akaunti mpya, hakikisha orodha si ya faragha, kisha nakili kiungo chake. Ukiwa akaunti ya zamani, kwenye programu ya kompyuta, fungua kiungo hicho, bonyeza nukta tatu, chagua `Add to other playlist`, halafu `New playlist`. Kujua kama umefanikiwa, tazama jina la mmiliki chini ya kichwa cha orodha mpya, ulibonyeze, ulinganishe kiungo na karatasi yako. Linganisha na idadi ya nyimbo pia.

Nyimbo ulizopenda, yaani `Liked Songs`, hazina kiungo cha kushirikisha, kwa hiyo zinapita njia ya mzunguko. Ndani ya akaunti mpya zifungue kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na A kuzichagua zote, kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya uziweke kwenye orodha mpya. Fungua orodha hiyo ukiwa akaunti ya zamani, zichague zote tena, na chagua `Save to your Liked Songs`. Tarehe zitakuwa za leo zote, hivyo kama ulizoea kuzipanga kwa tarehe ya kuongezwa, mpangilio wa Machi hadi sasa utavurugika. Kwa nyimbo za miezi michache sioni kama ni hasara ya kukunyima usingizi. Mafaili ya muziki yaliyo kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe hayahami kwa kiungo. Ukiwa na rekodi za taarabu ulizopewa kwenye flashi, utazipachika upya.

Premium haihami kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ikatize upande wa akaunti mpya. Itaendelea kufanya kazi hadi kipindi ulicholipia kiishe, kisha itageuka kuwa ya bure. Ukitaka usilipe mara mbili, subiri tarehe hiyo ndipo ulipie upande wa zamani. Ukurasa wa malipo ukikataa kadi yako, tazama nchi iliyoandikwa kwenye taarifa zako. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021, na waliofungua kabla ya hapo kwa kujifanya wako Marekani au Uingereza bado wana nchi hizo kwenye akaunti. Wewe wa 2021 huenda uko salama, ila kuangalia hakugharimu kitu.

Ukilipia upande wa zamani, nyimbo za kusikiliza bila intaneti utazipakua upya zote. Fanya hivyo ukiwa kwenye waifai, si kwa bando la siku, maana orodha ya kicheni pati peke yake inaweza kulimaliza kabla hujafika Buguruni.

Kwa wasomaji wengine ambao barua pepe ya zamani imeshafungwa: kama neno la siri mnalikumbuka, jaribuni kuingia kwalo moja kwa moja kabla ya kukata tamaa. Kama hamlikumbuki lakini kuna simu au kompyuta ambayo bado imeingia, msitoke na msifute programu. Kutoka humo mnaweza walau kunakili orodha kwa viungo. Kumwomba mtu wa kompyuta wa ofisi ya zamani afungue sanduku kwa nusu saa ni ombi dogo kuliko mnavyodhani. Likishindikana, inabaki huduma kwa wateja ya Spotify yenyewe, nanyi muwe na kiungo cha wasifu na risiti za malipo ya Premium. Anayejitangaza kwenye WhatsApp kwamba anaunganisha akaunti kwa elfu kumi, akitaka neno la siri na namba iliyotumwa kwenye barua pepe, anachukua akaunti.

Na ile ya Machi, dada, iache wazi bila kulipiwa hadi upate faili zake za data na usikilize orodha ulizonakili kwa wiki kadhaa. Ukiridhika, ifunge. Spotify watakutumia barua yenye kiungo cha kuirudisha, na kiungo hicho kinafanya kazi kwa siku 7 tu. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuifunga, tazama kiungo cha wasifu mara nyingine tena.